Namna ya kufuatilia fedha inavyozunguka mjini: kaya, kampuni na serikali katika hesabu moja

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kujenga, hatua kwa hatua, hesabu ya mzunguko wa pato katika mji mmoja wa kufikirika, na kisha namna ya kuitumia hesabu hiyo kujibu swali ambalo michoro ya mishale peke yake hailijibu: kaya zikiamua kutumia kidogo kuliko jana, fedha ile iliyobaki mifukoni inakwenda wapi, na nani anaumia? Wasomaji wengi wamewahi kuuona mchoro wenye kisanduku cha kaya upande mmoja na cha kampuni upande wa pili, na mishale ikizunguka kati yake. Mchoro huo ni sahihi, lakini hausemi lolote mpaka mishale ipewe tarakimu, na ni tarakimu hizo ndizo tutakazozishughulikia.

Wazo lenyewe ni la zamani. François Quesnay, aliyekuwa tabibu katika kasri la mfalme wa Ufaransa, alichora mwaka 1758 jedwali lililoonyesha mapato yakipita kutoka tabaka moja la watu kwenda jingine na kurudi. Mwaka 1949 Bill Phillips, mzaliwa wa Nyuzilandi, alikwenda mbali zaidi akatengeneza jijini London mashine ambamo maji yaliyotiwa rangi yalipita kwenye mirija na matangi, kila mrija ukiwakilisha kodi, akiba, matumizi au uagizaji. Sisi tutatosheka na karatasi na kalamu.

Hatua ya 1: Weka mipaka ya mji, ya muda na ya kipimo

Kabla ya kuandika tarakimu yoyote, amua mambo matatu. La kwanza ni mpaka wa mji: kwa kuanzia tuseme mji wetu haununui wala hauuzi chochote nje, ili kila malipo yanayotoka kwa mmoja yaonekane yakiingia kwa mwingine humo humo. La pili ni muda: tutahesabu kwa mwezi. La tatu ni kipimo, nacho tutakiita sarafu, bila kukifunga na fedha ya nchi yoyote.

Suala la muda ndilo linalowapotosha wengi. Pato ni mtiririko, si lundo, na kusema kwamba mji una pato la sarafu 1000 bila kutaja ni kwa muda gani ni sawa na kutosema kitu. Sarafu zilizomo mjini zinaweza kuwa 250 tu, na bado pato la mwezi likawa 1000, kwa sababu kila sarafu kwa wastani imemlipa mtu pato mara 4 katika mwezi huo. Ndiyo maana mji unaweza kuwa maskini zaidi mwezi ujao ilhali hakuna sarafu hata moja iliyopotea: sarafu zimepunguza mwendo. Ukikuta hesabu inayochanganya kiasi cha fedha kilichopo na pato linalopatikana, isimamishe hapo hapo, maana makosa yote yatakayofuata yametokana na mchanganyiko huo.

Hatua ya 2: Taja wahusika na uelekeo wa kila malipo

Wahusika wetu ni kaya, kampuni, serikali ya mji, na benki inayopokea akiba na kutoa mikopo. Mtu mmoja anaweza kuwa katika makundi mawili: mwenye karakana ni kampuni anapolipa mishahara, na ni kaya anapokwenda kununua kitanda cha nyumbani kwake. Tunachogawa ni majukumu, hatugawi watu.

Kila malipo yana pande mbili. Kaya zinatoa nguvukazi, ardhi na mtaji, nazo zinapokea mishahara, pango, riba na faida. Kampuni zinatoa bidhaa na huduma, nazo zinapokea fedha za mauzo. Vitu vinakwenda njia moja na fedha inakuja njia ya pili, na katika mwongozo huu tutafuata fedha tu. Malipo machache hayana kitu kinachorudi papo hapo, kama vile kodi inayokwenda serikalini na pensheni inayokwenda kwa mstaafu, na hayo yatahitaji uangalifu wake.

Hatua ya 3: Andika kile ambacho kampuni zinalipana na kile ambacho zinazilipa kaya

Tuseme mji una kiwanda cha mbao, na kampuni nyingine zote (karakana za samani, mafundi wa mashine, watoa huduma) tuziweke pamoja katika kundi moja. Kiwanda cha mbao kinaliuzia kundi hilo mbao za sarafu 300 kwa mwezi. Kundi hilo nalo linauza bidhaa na huduma zilizokamilika za sarafu 880.

Hapa ndipo mwanafunzi anayeharakisha anapojumlisha 300 na 880 na kutangaza kwamba kampuni zimezalisha 1180. Hazikuzalisha kiasi hicho. Thamani ya mbao imo ndani ya bei ya samani, na kuihesabu tena ni kuihesabu mara mbili. Tunachotafuta ni thamani iliyoongezwa na kila mmoja: kiwanda cha mbao kimeongeza 300, na kundi la pili limeongeza 880 kutoa 300, yaani 580. Jumla ni 880, na kiasi hicho ndicho kinachobaki mikononi mwa kampuni kuwalipa wenye nguvukazi, ardhi na mtaji.

Namna rahisi ya kutambua kosa la kuhesabu mara mbili ni kuuliza kama jumla ingebadilika iwapo kiwanda cha mbao kingenunuliwa na karakana na vyote viwili vikawa kampuni moja. Mbao zile zile, samani zile zile, wafanyakazi wale wale; jumla sahihi haina sababu ya kubadilika. Ikibadilika, umejumlisha malighafi.

Sasa gawa hizo 880: mishahara 580, pango 100, riba 50, na faida 150. Faida inachukuliwa hapa kuwa yote inagawiwa wenye kampuni, ingawa katika miji halisi kampuni hubakiza sehemu yake. Zingatia kwamba faida ndicho kinachosalia baada ya wengine wote kulipwa, na kwa sababu hiyo malipo ya mapato hulingana daima na thamani iliyoongezwa. Hakuna muujiza wowote katika ulingano huo: mauzo yakipungua huku mishahara ikibaki palepale, ni faida itakayobeba pengo.

Hatua ya 4: Ingiza serikali

Serikali ya mji wetu inakusanya kodi ya sarafu 240 kutoka kwa kaya. Inatumia 120 kuwalipa walimu na watumishi wengine wa umma, 80 kununua bidhaa na huduma kutoka kwa kampuni, na 40 kulipa pensheni.

Mishahara ya watumishi wa umma ni pato kama mishahara mingine, na kwa kuwa elimu ya shule ya umma haiuzwi sokoni, thamani yake katika hesabu huchukuliwa kwa gharama ya kuitoa, yaani zile 120. Pensheni ni jambo tofauti. Mstaafu amepokea 40 bila mtu kuzalisha chochote mwezi huu kwa ajili ya malipo hayo. Fedha imetoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Kwa hiyo pensheni haiingii katika pato la mji, ingawa inaingia mfukoni mwa kaya na itaonekana baadaye kama matumizi mstaafu atakapoitumia. Kwa sababu hiyo tutatumia mara kwa mara kiasi kimoja kiitwacho kodi halisi, yaani kodi ukiondoa malipo ya namna hii: 240 kutoa 40, ambayo ni 200. Manunuzi ya serikali, kwa maana ya mishahara na bidhaa, ni 200 vilevile.

Hatua ya 5: Ingiza akiba na mikopo, kisha panga jedwali

Kaya zimepokea 880 kutoka kwa kampuni, 120 za utumishi wa umma na 40 za pensheni, jumla 1040. Zimelipa kodi 240 na kubakiwa na 800. Kati ya hizo zimetumia 700 na kuweka benki 100. Benki inazikopesha kampuni hizo 100, nazo zinanunua mashine kutoka kwa kampuni nyingine za mji. Ununuzi huo wa mashine ndio uwekezaji. Mtu anayeweka fedha benki hajawekeza kwa maana hii, hata kama katika mazungumzo ya kawaida atasema amewekeza. Ameweka akiba, na uwekezaji utatokea pale tu mtu mwingine atakapoagiza mashine, jengo au bidhaa za kuweka ghalani.

| Anayelipa | Anayelipwa | Malipo ya nini | Sarafu kwa mwezi |
|---|---|---|---|
| Kampuni | Kampuni | Mbao (malighafi) | 300 |
| Kampuni | Kaya | Mishahara, pango, riba, faida | 880 |
| Serikali | Kaya | Mishahara ya watumishi | 120 |
| Serikali | Kaya | Pensheni | 40 |
| Serikali | Kampuni | Bidhaa na huduma | 80 |
| Kaya | Serikali | Kodi | 240 |
| Kaya | Kampuni | Matumizi | 700 |
| Kaya | Benki | Akiba | 100 |
| Benki | Kampuni | Mikopo | 100 |
| Kampuni | Kampuni | Mashine (uwekezaji) | 100 |

Hatua ya 6: Hakiki

Uhakiki wa kwanza ni wa kila mhusika peke yake: kilichoingia kilingane na kilichotoka. Kaya zimepokea 1040 na kutoa 240, 700 na 100. Serikali imepokea 240 na kutoa 120, 80 na 40. Benki imepokea 100 na kutoa 100. Kampuni zimeuza kwa watumiaji wa mwisho 700, 80 na 100, na zimewalipa wenye nguvukazi, ardhi na mtaji 880. Mikopo ya 100 imelipia mashine.

Uhakiki wa pili ni wa mji mzima, na unafanywa kwa njia tatu. Kwa njia ya uzalishaji, 300 za kiwanda cha mbao, 580 za kampuni nyingine na 120 za utumishi wa umma zinafanya 1000. Kwa njia ya mapato, mishahara yote 700, pango 100, riba 50 na faida 150 zinafanya 1000. Kwa njia ya matumizi, matumizi ya kaya 700, uwekezaji 100 na manunuzi ya serikali 200 zinafanya 1000. Majibu matatu yakipishana, tafuta kwanza pensheni iliyohesabiwa kama pato, halafu malighafi iliyohesabiwa mara mbili, halafu mauzo ya kitu cha zamani. Mtu akimuuzia jirani nyumba iliyojengwa miaka mingi iliyopita, nyumba hiyo si zao la mwezi huu. Kinachoingia kwenye pato ni ujira wa dalali peke yake.

Katika takwimu za nchi halisi njia hizi hupishana kidogo kila mara kwa sababu taarifa hutoka vyanzo tofauti, na wanatakwimu huwa na safu maalumu ya tofauti hiyo. Katika mji wetu wa karatasini hatuna kisingizio hicho.

Hatua ya 7: Vuruga mzunguko mahali pamoja na ufuate mtikisiko

Mpaka hapa tumepiga picha. Kazi yenye manufaa inaanza tunapobadilisha jambo moja na kuacha mengine yalivyo. Ili kufanya hivyo tunahitaji kanuni inayoeleza kaya zinavyofanya uamuzi. Tuseme kaya hutumia kiasi cha msingi cha sarafu 100, na juu yake robo tatu ya kila sarafu inayobaki baada ya kodi. Kwa 800 zilizobaki, robo tatu ni 600, ukijumlisha 100 unapata 700, na hivyo kanuni inaafikiana na jedwali letu.

Sasa kaya zinaingiwa na wasiwasi kuhusu siku za mbele, na kiasi cha msingi kinashuka kutoka 100 hadi 60. Nia yao ni kuongeza akiba kwa 40, kutoka 100 hadi 140.

Mwezi wa kwanza kampuni hazijajua. Zimezalisha bidhaa za 880 kama kawaida na kulipa mapato ya 880 kama kawaida, lakini zimeuza 660 kwa kaya, 80 kwa serikali na 100 za mashine, yaani 840. Bidhaa za sarafu 40 zimelala ghalani. Katika vitabu vya hesabu, bidhaa zilizolala ghalani zinaandikwa kuwa sehemu ya uwekezaji, kwa hiyo uwekezaji wa mwezi huo ni 140 na akiba ni 140, na mizani imekaa sawa. Fedha nayo haijapotea: 40 za ziada zilizowekwa benki zimekopwa na kampuni zilizopungukiwa na fedha za kulipa mishahara. (Nimezithamini bidhaa za ghalani kwa bei ya kuuzia ili hesabu iwe nyepesi, mhasibu angezithamini kwa gharama, na faida ya mwezi huo ingeonekana ndogo zaidi.)

Watu wengi husoma kwamba akiba hulingana na uwekezaji na kuhitimisha kwamba akiba ikiongezeka, mashine zitaongezeka. Mfano wetu unaonyesha udhaifu wa hitimisho hilo. Akiba imelingana na uwekezaji, lakini sehemu ya uwekezaji huo ni vitanda visivyo na mnunuzi, na hakuna mwenye kampuni aliyeutaka. Ulingano wa vitabuni upo kila mwezi. Ulingano wa nia za watu, yaani kile ambacho kaya zinataka kuweka akiba na kile ambacho kampuni zinataka kuwekeza, ndio ambao haupo, na ukosefu wake ndio unaosukuma kila kitu kinachofuata. Dalili ya kutazama, basi, ni ghala. Bidhaa zinazorundikana bila kupangwa hutangulia habari za watu kupunguzwa kazini.

Mwezi wa pili kampuni zinapunguza uzalishaji hadi 840, sawa na mauzo ya mwezi uliopita. Kwa kufanya hivyo zinapunguza pia mapato zinayolipa. Pato la mji, pamoja na 120 za watumishi wa umma, linakuwa 960. Kaya zinabakiwa na 760 baada ya kodi halisi ya 200. Zinatumia 60 na robo tatu ya 760, yaani 630. Mauzo yote ya kampuni ni 810, na bidhaa za 30 zinabaki tena ghalani. Mwezi wa tatu uzalishaji unashuka hadi 810, pato linakuwa 930, na zinazobaki ghalani ni za 22.5. Mwezi wa nne pato ni 907.5. Kila pengo ni robo tatu ya lile lililotangulia, kwa sababu kila sarafu ya pato iliyopotea inapunguza matumizi kwa robo tatu ya sarafu.

Mwisho wa mteremko huo si sifuri. Unaupata kwa kugawa mshtuko wa kwanza kwa sehemu ya kila sarafu ambayo haitumiki, yaani 40 gawanya kwa 0.25, ambayo ni 160. Pato linatulia kwenye 840. Hakiki: kaya zina 640 baada ya kodi, zinatumia 60 na 480, yaani 540, ongeza uwekezaji 100 na manunuzi ya serikali 200, unarudi kwenye 840. Wanauchumi huita 4 tuliyoipata hapa, yaani 160 gawanya kwa 40, kizidishi.

Tazama akiba ya kaya mahali hapo pato lilipotulia: 640 kutoa 540 ni 100, kiasi kile kile walichokuwa nacho kabla ya kuamua kuongeza. Kaya zote kwa pamoja zimebana matumizi, zimepoteza pato la 160, na hazikufanikiwa kuweka hata sarafu moja ya ziada kwa mwezi. Kaya moja ikibana matumizi peke yake inafanikiwa, kwa kuwa pato lake halitegemei matumizi yake yenyewe. Kaya zote zikibana kwa wakati mmoja, kila moja inakata mshahara wa nyingine. Kampuni bado zinataka mashine za 100 tu, na pato halina budi kushuka mpaka akiba irudi kwenye kiasi hicho.

Mtu anaweza kupinga kwamba akiba nyingi hushusha riba, na riba ya chini huvutia kampuni kuagiza mashine zaidi. Pingamizi hilo lina uzito, na likitimia mteremko utakuwa mfupi. Lakini mwenye karakana ambaye ghala lake limejaa ana sababu ndogo ya kununua mashine ya kuzalisha zaidi, hata akopeshwe kwa riba nafuu. Tena, katika hesabu yetu kampuni zimepunguza uzalishaji hadi kiwango cha mauzo tu, na zile bidhaa za ghalani bado zipo. Zikiamua kuzimaliza kwanza, zitazalisha chini ya mauzo kwa muda, na pato litazama chini ya 840 kabla ya kurudi.

Hatua ya 8: Badilisha namna kodi inavyokusanywa

Tumechukulia kwamba kodi halisi ni 200 hata pato likishuka, jambo ambalo ni nadra. Tuseme sasa kodi halisi ni asilimia 20 ya pato. Kwenye pato la 1000 ni 200 kama mwanzo, kwa hiyo picha ya kwanza haibadiliki. Lakini sasa, kila sarafu ya pato inapopotea, senti 20 za hasara hiyo zinabebwa na serikali, na kaya zinapoteza senti 80 tu, ambazo robo tatu yake ni senti 60. Mshtuko ule ule wa 40 unagawanywa kwa 0.4, na pato linashuka kwa 100 badala ya 160, likatulia kwenye 900.

Kodi halisi sasa ni 180, kaya zinabakiwa na 720, zinatumia 600 na kuweka akiba 120. Serikali inatumia 200 na imekusanya 180, hivyo inakopa 20 benki. Fedha zinazotoka kwenye mzunguko, yaani akiba 120 na kodi 180, ni 300. Fedha zinazorudishwa, yaani uwekezaji 100 na manunuzi ya serikali 200, ni 300. Ulingano huu wa jumla ndio unaopaswa kushikwa. Akiba peke yake si lazima ilingane na uwekezaji, wala kodi si lazima ilingane na matumizi ya serikali. Jumla ya yale yanayovuja ndiyo inayolingana na jumla ya yale yanayoingizwa.

Kuna jaribu moja hapa ambalo linafaa kufanyiwa hesabu. Serikali ikiona nakisi ya 20, inaweza kuamua kukata manunuzi yake kwa 20, kutoka 200 hadi 180, ili kuiziba. Pato litashuka kwa 20 gawanya kwa 0.4, yaani 50, hadi 850. Kodi halisi itakuwa 170. Nakisi iliyobaki ni 10: serikali imekata 20 na kuziba nusu tu, kwa sababu mishahara na manunuzi iliyoyafuta yalikuwa chanzo cha sehemu ya kodi yake. Ili kuimaliza nakisi yote ingelazimika kukata 40, na pato lingefika 800, kodi 160 na manunuzi 160. Anayepanga bajeti ya mji kana kwamba mapato ya kodi hayategemei matumizi yake atalikosa lengo lake kila mwaka na kushangaa kwa nini.

Hatua ya 9: Jaribu jibu la serikali, na utofautishe manunuzi na malipo ya msaada

Tulinganishe majibu mawili, tukirudi kwenye kodi halisi isiyobadilika ili hesabu ionekane vizuri. Kaya zimepunguza matumizi kwa 40. Serikali ikiongeza manunuzi yake kwa 40, kwa kukopa, mauzo yanarudi mahali pake na pato linabaki 1000: kaya zinatumia 660, kampuni zinawekeza 100, serikali inanunua 240. Akiba ni 140, ambazo 100 zimekopwa na kampuni na 40 zimekopwa na serikali. Kwa njia hii kaya zimepata akiba ya ziada zilizoitaka, na akiba hiyo ni deni la serikali kwao kupitia benki.

Serikali ikiongeza pensheni kwa 40 badala yake, matokeo ni madogo zaidi, maana kaya zinazopokea hizo 40 zitatumia 30 na kuweka 10. Pengo la matumizi halizibiki mpaka malipo hayo yafike kama 53.3. Hesabu hii inachukulia kwamba wapokeaji wote hutumia robo tatu ya kila sarafu. Malipo yakienda kwa watu ambao hutumia karibu yote wanayopata, tofauti kati ya njia mbili inapungua sana.

Majibu yote mawili yana sharti moja: pawe na wafanyakazi wasio na kazi na karakana zenye nafasi. Katika mji ambao kila fundi ana kazi na kila mashine inazunguka, kuongeza matumizi kwa 40 hakuongezi samani. Wanunuzi wanashindania zile zile zilizopo, bei inapanda, na pato linalokua ni la tarakimu tu. Kwa hiyo kabla ya kutumia kizidishi popote, tazama kwanza ghala na orodha ya wanaotafuta kazi. Ghala tupu na mafundi wasiopatikana maana yake ni kwamba hesabu ya hatua ya 7 na ya 9 haikuhusu.

Mwisho, fungua mpaka tulioufunga mwanzoni. Kaya zikinunua kutoka nje ya mji, sehemu ya kila sarafu inatoka kwenye mzunguko pamoja na akiba na kodi. Wageni wakinunua bidhaa za mji, fedha inaingia pamoja na uwekezaji na manunuzi ya serikali. Ulingano unakuwa akiba, kodi na uagizaji kwa upande mmoja, uwekezaji, manunuzi ya serikali na mauzo ya nje kwa upande wa pili. Tuseme, kwa kodi ya asilimia 20, kati ya zile senti 60 za matumizi zinazotokana na kila sarafu ya pato, senti 30 zinakwenda kwa wauzaji wa nje. Zinazobaki kuzunguka mjini ni senti 30, kwa hiyo kila kigawanyo tulichokiandika kama 0.4 kinakuwa 0.7, na mshtuko wa 40 katika ununuzi wa bidhaa za mji unapunguza pato lake kwa kama 57 badala ya 100. Sehemu iliyosalia ya mtikisiko inakuwa imehamia kwa wale waliokuwa wakiuuzia mji huo, na kuifuata kunahitaji jedwali la pili lenye wahusika wao.